Kwa nini tatu iliyogeuzwa nane huirudisha fomu dirishani

Mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa anajaza fomu ya benki ya kuhamisha fedha. Kikundi kinamlipa fundi aliyewauzia mashine ya kukamua alizeti, na kiasi ni shilingi 1,850,000. Mkono unateleza, anaandika 1,350,000. Kosa analiona papo hapo, na dawa yake inaonekana rahisi kabisa, kwa sababu kwa umbo tatu ni nusu ya nane: anachora vijipinde viwili upande wa kushoto, anakoleza kidogo ili wino ulingane, kazi inaendelea. Mwenyekiti na katibu wanasaini. Kesho yake karani wa benki anaitazama fomu, anaiinua kwenye mwanga, kisha anairudisha chini ya kioo. "Samahani mama, hapa kwenye kiasi pameandikwa juu. Nileteeni fomu nyingine, na wote watatu wasaini upya." Mwenyekiti naye ameshasafiri kwenda msibani.

Nimekaa upande wa pili wa kioo kile kwa miaka kadhaa, na najua watu wengi huondoka pale wakiamini wameonewa. Fomu inasomeka, kiasi ni hicho, waliosaini ni wao. Tatizo liko wapi? Swali ni la haki, na anayeuliza anastahili jibu pana kuliko "ndiyo utaratibu".

Tuanze na kile ambacho karani anakiona. Mbele yake kuna nane iliyokuwa tatu. Inawezekana mhazini alikosea na kurekebisha kabla wenzake hawajasaini, kama ilivyokuwa kweli. Inawezekana pia mwenyekiti na katibu walisaini karatasi yenye 1,350,000, kisha mhazini akaongeza vijipinde viwili alipobaki nayo peke yake. Na inawezekana fomu ilipita kwa mtu wa tatu njiani, akaongeza yeye. Hadithi hizi tatu ni tofauti kama usiku na mchana, lakini kwenye karatasi zote zinaacha alama ile ile: nane nene kidogo kuliko tarakimu zinazoizunguka. Karani hana namna ya kuzitenganisha. Akipokea, anakuwa ameamua mwenyewe kwamba hadithi ya kwanza ndiyo ya kweli, kwa fedha zisizo zake.

Hapo ndipo kuandika juu kunapotofautiana na makosa mengine yote ya fomu. Ukikata neno kwa mstari, aliye mbele yako anaona vitu viwili: ulichoandika kwanza na ulichoandika baadaye. Ukiandika juu, maandishi ya kwanza na ya pili yanakuwa kitu kimoja, na mpangilio wa matukio unapotea. Hakuna anayeweza kuuliza "nani alibadilisha, lini, na wengine walijua?" kwa sababu kilichobadilishwa chenyewe kimemezwa.

Sheria ililiona jambo hili zamani. Mwaka 1791 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Master dhidi ya Miller, ambapo tarehe iliyoandikwa kwenye hati ya fedha ilibadilishwa ili malipo yaonekane yanafika mapema. Mahakama ilisema hati hiyo imepoteza nguvu, hata kama aliyekuwa akidai hakuibadilisha yeye. Kanuni hiyo iliingizwa kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 inayohusu hundi na hati za namna hiyo, na sheria za Kenya na Tanzania katika eneo hili zimetokana nayo. Inataja waziwazi mabadiliko yanayogusa kiini cha hati: tarehe, kiasi, muda wa kulipa na mahali pa kulipia. Hati ikibadilishwa hapo bila ridhaa ya wahusika wote, kimsingi haiwafungi tena wale ambao hawakuridhia. Fomu ya kuhamisha fedha si hundi, na sheria hiyo haiigusi moja kwa moja, lakini benki imezipa fomu zake nidhamu ile ile kwa sababu hatari ni ile ile. Neno la kushika ni hilo la ridhaa. Mwenyekiti aliridhia kiasi gani? Nane ya mhazini haisemi.

Sasa tuache dirisha twende nyuma ya ofisi, kwa msomaji wa pili, ambaye ni mashine. Fomu nyingi zikishapokelewa huingizwa kwenye skana, na kuanzia hapo hakuna anayeishika karatasi tena. Anayechapa taarifa kwenye mfumo anaangalia picha. Hundi zenyewe nchini Kenya zimeacha kusafiri kati ya benki na benki tangu mwaka 2011. Kinachokwenda ni picha yake. Kwa hiyo inafaa kujua picha hiyo inatengenezwaje.

Chukua skana inayosoma nukta 200 kwa kila inchi, kiwango cha kawaida kwa hundi na fomu. Kisanduku cha upana wa milimita 5 kinakuwa na nukta kama 39 kwa upana. Mstari wa kalamu ya kawaida, wenye unene wa nusu milimita, unachukua nukta 4. Nane iliyoandikwa vizuri, yenye urefu wa milimita 4 hivi, ina matundu mawili madogo ndani yake, kila moja likiwa na upana wa nukta chache tu za weupe. Mara nyingi mashine haihifadhi rangi wala kijivu. Inaangalia kila nukta na kuuliza swali moja: ni nyeusi vya kutosha au la? Ikiwa ndiyo inakuwa nyeusi tii, ikiwa hapana inakuwa nyeupe kabisa. Hakuna katikati.

Pitisha nane yetu hapo. Upande wa kulia, mstari wa tatu ya zamani umekolezwa, kwa hiyo umenenepa na kuwa nukta 7 au 8, na sehemu yake imeingia ndani ya matundu. Matundu yanaziba. Kinachobaki kwenye picha ni doa lenye kiuno, linaloweza kuwa nane, tatu, sita au hata B. Mkono mwepesi unaleta kinyume chake: vijipinde vya kushoto vimechorwa kwa kugusa tu, kijivu chake hakifiki kiwango cha mashine, vinafutika, na picha inaonyesha tatu safi kabisa. Hili la pili linanitisha zaidi. Karatasi inasema nane, picha inasema tatu, na kila msomaji ana uhakika na alichokiona.

Mifumo inayosoma mwandiko yenyewe huipa kila herufi alama ya uhakika. Isiyofika kiwango hutolewa na kupelekwa kwa mtu, ambaye mara nyingi huonyeshwa kipande kidogo tu cha picha: kisanduku hicho kimoja, bila fomu nzima. Mtu huyo akishindwa, fomu inarudi. Kutoka upande wa mwombaji inaonekana kama kukataliwa bila sababu baada ya wiki mbili za kusubiri.

Ukishaielewa mashine hiyo, agizo la wino mweusi linajieleza. Angalia fomu nyingi zenye visanduku: mistari ya visanduku imechapwa kwa rangi hafifu, nyekundu ya waridi, rangi ya chungwa, kijani au samawati. Rangi hiyo imechaguliwa makusudi ili ipotee. Skana ikimulika kwa mwanga mwekundu, kila kilicho chekundu kinarudisha mwanga huo sawasawa na karatasi nyeupe, na visanduku vinayeyuka, yakibaki maandishi yako peke yake. Ukiandika kwa peni nyekundu, maandishi yako yanayeyuka pamoja na visanduku. Penye samawati iliyowekwa ipotee, bluu nyepesi inaweza kupata masaibu hayo hayo. Nyeusi inameza mwanga wa kila rangi, kwa hiyo ndiyo iliyo salama zaidi kwa skana usiyoijua. Ni sababu hiyo hiyo, kwa njia nyingine, iliyowafanya watahiniwa wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, hadi mtihani huo ulipofikia mwisho mwaka 2023, watie alama majibu yao kwa penseli: unga wa penseli ni kaboni, na kaboni humeza mwanga ambao mashine za kusoma alama hutumia. Penseli kwenye fomu ya benki au ya kitambulisho haikubaliki kwa kuwa inafutika. Pale kwenye mtihani kufutika ndiko kulikohitajika.

Kuna ofisi, hasa za wanasheria, zinazotaka saini iwe ya bluu ili nakala halisi itambulike haraka mbele ya nakala ya fotokopi. Hazijakosea, zina shida tofauti. Soma maelekezo yaliyo juu ya fomu uliyonayo. Yasiposema kitu, andika kwa nyeusi.

Ndani ya nyeusi nako kuna tofauti. Peni ya kawaida yenye kigololi nchani, ile ya bei ya chini inayouzwa kila duka, ndiyo bora kwa kazi hii kuliko kalamu za bei kubwa. Wino wake ni mzito, unakauka upesi, hauchuruziki jasho la kiganja likigusa. Kalamu za wino wa maji huonekana nzuri mpaka fomu inyeshewe kati ya kituo cha daladala na ofisi. Na kama fomu ina karatasi mbili au tatu zinazojinakili zenyewe, kalamu ya wino laini haikandamizi vya kutosha. Nakala ya chini inabaki na vivuli. Kandamiza kwa peni ya kigololi juu ya meza ngumu, na kama fomu ziko kwenye kitabu, ingiza lile jalada gumu nyuma ya seti unayojaza, la sivyo maandishi yako yatajinakili kwenye seti ya mteja anayefuata. Zipo pia siku hizi kalamu za wino mweusi unaofutika kwa kusugua. Usizitumie kwenye fomu yoyote. Wino huo unapotea kwa joto, na hauhitaji kusuguliwa: joto la nyuzi 60 linatosha, na mashine ya kuleminetia inalipita hilo. Karatasi hutoka ikiwa tupu.

Herufi kubwa nazo zina kazi yake, na haihusiani na heshima wala unadhifu. Mwandiko wa kuunganisha umetengenezwa kwa ajili ya mkono unaokimbia. Herufi zake zinaazimana mistari. Andika jina Mwanahamisi kwa mwandiko wa kuunganisha kisha litazame kama mtu asiyelijua: ni mfululizo wa vilima, na hakuna anayeweza kuonyesha m inaishia wapi na w inaanzia wapi. Wewe unalisoma kwa sababu unalijua. Mchapaji aliyeajiriwa kuchapa majina elfu moja kwa siku halijui, na mashine haijui majina kabisa, inajua maumbo. MWANAHAMISI kwa herufi kubwa, kila moja kwenye kisanduku chake, lina mipaka ambayo haihitaji kukisiwa. Herufi kubwa pia zote zina kimo kimoja. Hazina mikia ya kushuka kama g na y, ambayo huingia kwenye mstari wa chini na kukata tarakimu za simu yako.

Hata hivyo herufi kubwa hazimalizi utata wote. I bila vijistari vya juu na chini ni sawa na 1. O ni sawa na 0, S iliyoandikwa kwa pembe ni 5, Z bila uangalifu ni 2. Kwenye sehemu ya jina mfumo unatarajia herufi na kwenye sehemu ya akaunti unatarajia tarakimu, kwa hiyo hapo utata unapungua. Balaa liko pale herufi na tarakimu zinapochanganyika, kama kwenye namba ya pasipoti au ya usajili wa gari. Mimi huwashauri watu waweke vijistari kwenye I, wafunge 0 kikamilifu na kuifanya nyembamba, na waandike 1 kama mstari mmoja bila pua ndefu ili isiingie kwenye njia ya 7. Alama ya ng' kwenye majina kama Ng'wandu ina utaratibu tofauti kwa kila fomu. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, hata kama kitambulisho kiliidondosha alama hiyo, kwa sababu anayekagua atalinganisha herufi kwa herufi.

Turudi kwa mhazini, tumrudishe kwenye sekunde ile alipoiona tatu. Angefanyaje?

Kwanza, angeinua kalamu. Nusu ya makosa ya kuandika juu hutokea kwa sababu mkono unakimbilia kuficha kabla akili haijaamua. Tatu ikishaandikwa imeshaandikwa. Hakuna kinachoharibika zaidi ukiiacha dakika moja.

Pili, kama fomu yake inaruhusu marekebisho, angepiga mstari mmoja ulionyooka katikati ya kiasi chote, kuanzia tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho. Kiasi chote, wala asiguse tatu peke yake. Ukikata tarakimu moja na kubandika nyingine juu yake, mchapaji hajui kama nambari mpya ina tarakimu saba au nane. Mstari uwe mmoja, mwembamba, na 1,350,000 iendelee kusomeka chini yake. Watu hukata kwa mistari mitano iliyovuka, wakidhani ndivyo kosa linavyokufa vizuri. Mkaguzi akikuta kiasi kilichofunikwa kwa wino kiasi hicho anauliza kilichofichwa ni nini. Wino mweupe wa kufutia ni mbaya zaidi: unafunika, unapasuka ukikauka, na kwenye skana unaacha kivuli kwenye kingo zake.

Tatu, angeandika 1,850,000 yote upya, juu au kando, mahali palipo peupe. Nne, saini fupi au herufi za mwanzo za majina, pamoja na tarehe, kando ya marekebisho. Na hapa ndipo wengi wanapokwama. Saini ya mhazini peke yake haitoshi. Kama akaunti ina watia saini watatu, wote watatu wanaweka saini pale palipokatwa, kwa saini ile ile iliyo kwenye kadi ya saini inayotunzwa benki, kwa kuwa swali la karani lilikuwa ridhaa yao. Marekebisho yenye saini tatu yanajibu: wote waliiona tatu, wote wameikubali nane.

Utaratibu huu wa mstari mmoja, saini na tarehe haukubuniwa na benki peke yake. Mwongozo wa kimataifa wa utafiti wa dawa kwa binadamu, uliotolewa mwaka 1996, ulidai kwamba kila badiliko kwenye fomu ya taarifa za mshiriki liwe na tarehe na saini fupi, lielezwe inapobidi, na lisifunike maandishi ya kwanza. Watafiti wanaofanya majaribio ya chanjo na dawa Bagamoyo au Kilifi wanafundishwa hilo kabla hawajaruhusiwa kushika fomu. Joto la mgonjwa la 38.6 likigeuzwa 38.0 kwa kuandika juu, miaka mitatu baadaye hakuna anayeweza kusema kama muuguzi alikosea kusoma au mtu alitaka mgonjwa aonekane ana homa ndogo zaidi.

Fomu ya mhazini ilikuwa na kinga nyingine ambayo angeweza kuitumia vizuri: kiasi kwa maneno. Kwenye hundi sheria iko wazi kwamba maneno na tarakimu vikipingana, maneno ndiyo yanayoshika. Kwenye fomu za benki kupingana huko kwa kawaida huirudisha fomu. Lakini angalia jinsi maneno yalivyo magumu kugeuza. MILIONI MOJA LAKI TATU NA HAMSINI ELFU haiwezi kugeuzwa LAKI NANE kwa vijipinde viwili. TATU na NANE zinalingana herufi moja tu mahali pamoja, ile A ya pili. Ndiyo maana maneno yaliwekwa. Anza kuyaandika mwanzo kabisa wa mstari bila kuacha nafasi, malizia kwa TU, na nafasi iliyobaki ipigie mstari hadi ukingoni. Ushauri wangu kwa wahazini ni kuandika maneno kwanza, tarakimu baadaye. Mkono ulioandika LAKI NANE muda mfupi uliopita ni nadra kuandika tatu.

Nimesema "kama fomu inaruhusu marekebisho" kwa makusudi, kwa sababu zipo sehemu ambazo hata marekebisho safi hayatakusaidia. Hundi ndiyo ya kwanza. Kwa kuwa benki inayolipa inaona picha tu na haina mtu wa kumuuliza mbele yake, benki nyingi huikataa hundi yenye badiliko lolote kwenye kiasi au jina la mlipwaji hata likiwa limesainiwa. Andika hundi nyingine. Sehemu ya saini ni ya pili: saini iliyokosewa haikatwi na kuwekewa nyingine juu, kwa sababu saini ndiyo inayothibitisha marekebisho mengine yote. Sehemu inayojazwa na kugongwa muhuri na mtu mwingine, kama mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mdhamini, nayo ikikosewa ni ya kurekebishwa na huyo huyo. Wewe usiiguse hata kuiweka sawa herufi moja ya jina lako.

Tarehe ya kuzaliwa naiweka peke yake kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye fomu. Namba ya kitambulisho cha Taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mtu aliyezaliwa tarehe 8 mwezi wa 3 mwaka 1988, ambaye nane yake ilisomwa tatu mahali pamoja tu, anaibeba siku isiyo yake ndani ya namba yenyewe, na kutoka hapo inaingia kwenye laini ya simu, akaunti ya benki na mafao. Kwenye kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa usirekebishe chochote. Chukua fomu mpya. Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, ambayo ndugu zetu wengi walioko huko wanaijua, huwaambia waombaji wanaojaza kwa mkono watumie wino mweusi, wasitumie wino wala utepe wa kufutia kwa kuwa skana haisomi vizuri palipofunikwa, na wakikosea waanze upya kwenye fomu safi. Huko pia tarehe huanza na mwezi, jambo ambalo huwafanya watu wetu wakosee na kuandika juu palepale: 03/08 na 08/03 ni vigumu kutozigeuza kwa mkono ukishagundua.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuandika juu kwa ustadi, kwa peni ile ile, kunapita bila kuonekana. Kwa jicho la haraka dirishani, pengine. Fomu hiyo ikifika kwenye mgogoro mambo hubadilika. Wino mweusi wa peni mbili tofauti unafanana mbele ya macho yetu, lakini chini ya mwanga wa infraredi wino mmoja unaweza kutoweka na mwingine kubaki mweusi. Wachunguzi wa nyaraka wana kifaa cha kazi hiyo, na chini yake nane iliyochorwa kwa peni mbili inaweza kubaki tatu. Kwa peni ile ile, darubini inaweza kuonyesha mahali mistari miwili ilipopandana na mahali karatasi ilipokandamizwa mara mbili. Hivyo aliyerekebisha kosa lake halali kwa kuficha anaweza kujikuta, miaka baadaye, akieleza mbele ya mkaguzi kwa nini alificha. Mstari mmoja na saini vingemwondolea maelezo hayo.

Kinachobaki ni karatasi iliyoharibika yenyewe, na hapa mhazini anaweza kutengeneza tatizo jipya. Kama ni fomu ya kawaida iliyochapwa kwa wingi, ichane vipande vidogo, hasa ikiwa imeshasainiwa, maana saini tatu juu ya fomu nusu tupu ni hazina kwa mwizi. Lakini kama ni hundi, au fomu yenye namba ya mfululizo iliyochapwa kwenye kona, usiichane wala usiitupe. Piga mistari miwili ya mshazari kutoka kona hadi kona, andika kati yake kwa herufi kubwa IMEFUTWA, weka tarehe, na sehemu ya saini ikate au itoboe. Iache kwenye kitabu chake, au irudishe kwa ofisi iliyoitoa na uandikishe namba yake. Mkaguzi wa kikundi akija mwisho wa mwaka atahesabu kutoka namba ya kwanza hadi ya mwisho, na namba inayokosekana ataichukulia kama malipo mpaka aonyeshwe vinginevyo.